Barua ya msoma prufu kwa mwandishi: kisa cha mswada uliopita mikono mitatu

Usuli

Kisa hiki kinahusu riwaya moja ya Kiswahili iliyoletwa kwenye kampuni ndogo ya uchapishaji nchini Tanzania. Mwandishi ni mwalimu mstaafu na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Riwaya inasimulia mgogoro wa shamba la ukoo unaozuka baada ya msiba, na ndoa inayofungwa huku ndugu hawaongei. Nimeondoa majina na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, na baadhi ya sentensi za mswada nimezibadilisha kidogo bila kugusa kosa lenyewe.

Mswada ulikuwa na sura 16, maneno kama 52,000. Mhariri alikwishamaliza kazi yake: sura mbili zilikuwa zimehamishwa, mhusika mmoja ameondolewa, na mwandishi ameridhia. Kilichobaki ni kusoma prufu, yaani tahajia, upatanisho wa kisarufi, uakifishi na uthabiti wa majina, tarehe na saa. Msoma prufu hana ruhusa ya kuandika upya sentensi kwa sababu tu angependa isomeke vingine. Kazi hiyo alipewa mwenzetu mmoja, dada mwenye uzoefu wa vitabu vya kiada na vya hadithi. Mimi nilikuwa mratibu.

Kwa kawaida ofisi ilikuwa inamrudishia mwandishi faili lenye masahihisho tu. Safari hii faili lilirudi limejaa wekundu kiasi kwamba kurasa nyingine zilisomeka kwa shida. Mwandishi akipokea kitu kama hicho bila maelezo hufanya moja kati ya mawili: anakubali kila badiliko bila kusoma ili yaishe, au anaona ametukanwa. Msoma prufu akaomba aandike barua ya kueleza alivyosoma na makosa gani yalikuwa yanajirudia. Nilikubali, kwa sharti kwamba nitaiona kabla haijatumwa.

Namna mswada ulivyosomwa

Alisoma mara ya kwanza bila kugusa kitu. Pembeni alikuwa na karatasi ambayo sisi huiita karatasi ya maamuzi: kila jina la mtu na mahali kama lilivyoandikwa lilipotokea mara ya kwanza, kila neno lenye tahajia mbili, kila namba na saa. Pale maneno mawili yaliposhindania nafasi, mwamuzi alikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2013. Hilo liliandikwa juu kabisa ya karatasi, ili mtu asije baadaye na kamusi nyingine na kuanza ubishi upya.

Mara ya pili alisoma akisahihisha kwa `Track Changes` ya Word, inayoonyesha kila badiliko. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wengi hatulifanyi kwa sababu linachosha. Kila kosa alilosahihisha alilipigia alama kwenye jedwali alilolichora kwa mkono, mistari ikiwa sura na safu zikiwa aina za makosa: L na R, H, upatanisho, maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya, saa, majina.

Alipofika sura ya 16, jedwali lilikuwa limeeleza jambo ambalo kusoma peke yake kusingelionyesha. Makosa ya L na R karibu yote yalikuwa kati ya sura ya 5 na ya 11. Makosa ya H na ya saa yalianza sura ya 12 na kuendelea hadi mwisho. Ni makosa ya upatanisho tu yaliyokuwa yametawanyika tangu mwanzo hadi mwisho kwa kiasi kinacholingana.

Mtu mmoja habadiliki matamshi anapofika sura ya 5, kisha akabadilika tena sura ya 12. Akampigia mwandishi simu, akamsalimia, akamuuliza kwa upole kitabu kiliandikwaje. Jibu lilikuwa rahisi. Sura nne za kwanza mzee alizichapa mwenyewe. Alipoona anachelewa, akaandika zilizofuata kwa mkono kwenye kaunta buku na kuzipeleka steshenari zikachapwe. Sura za mwisho alimwambia mjukuu wake, naye akaziandika kwenye simu na kumtumia kipande kipande kwa Wasapu.

Tangu hapo tulijua tunashughulika na mikono mitatu, na kila mkono na ugonjwa wake. Mwandishi mwenyewe alikuwa na tatizo moja tu la kweli, la upatanisho, ambalo lilikuwepo popote alipokuwepo yeye.

Uamuzi wa kwanza ulitokana na hapo: tuliomba kaunta buku. Mzee alishangaa, akasema mwandiko wake ni mbaya, lakini alilituma.

Neno baya na neno lisilo baya

Makosa ya L na R yana sehemu mbili na watu huzichanganya. Ukiandika "lahisi" au "jelaha", kila msomaji anaona, na kikagua tahajia chochote cha Kiswahili kinapiga mstari. Hayo hayamsumbui msoma prufu. Yanayomsumbua ni pale kosa linapozaa neno jingine halali. Mahari inakuwa mahali. Karamu inakuwa kalamu. Kura inakuwa kula. Kikagua tahajia hakina la kusema hapo, na jicho la msomaji aliyechoka linapita, kwa sababu ubongo unasoma kilichotarajiwa.

Kwa hiyo maneno haya hayatafutwi kwa kusoma tu. Msoma prufu aliandika orodha ya jozi, akatafuta kila neno la jozi katika mswada mzima, akasoma sentensi nzima kila lilipotokea. Jozi zenyewe hazikuwa nyingi kwa sababu alichukua zile tu zinazoingia kwenye hadithi ya ndoa na shamba. Riwaya hii ilikuwa na mahari na karamu; isingekuwa na haja ya kutafuta maneno ya baharini.

Sentensi kama "Wazee walikaa hadi alasiri kujadili mahali ya binti" haina shida. "Mahali ya" hailingani kisarufi, kwa hiyo ni mahari, na unasahihisha bila kumuuliza mtu. Lakini sura ya 9 ilikuwa na sentensi hii, kinywani mwa shangazi mkubwa:

"Shamba lile ni la watu wa mbali, na kila mtu hapa anajua."

Hakuna kosa hata moja. Tahajia sawa, upatanisho sawa, maana sawa. Na mahali hapo kwenye hadithi, shamba linadaiwa na ndugu wa mjini ambao kweli wanatoka mbali. Msoma prufu alisimama hapo kwa sababu moja tu: ilikuwa sura ya 9, katikati ya eneo la L na R, na "mbari" ni ukoo. Shamba la watu wa mbari na shamba la watu wa mbali ni madai mawili yanayopingana, na kesi nzima ya riwaya imesimama juu ya swali hilo. Kaunta buku lilikuwa na "mbari", kwa wino wa bluu, tena imepigiwa mstari chini. Shangazi alikuwa upande wa ukoo. Msomaji wa toleo lililochapwa steshenari angemaliza kitabu akiamini kwamba shangazi aliwasaliti.

Upatanisho ulihitaji njia nyingine kabisa. Mwalimu wetu alikuwa anajua ngeli kuliko sisi sote. Kosa lake lilitokea kwenye sentensi ndefu tu, pale kitenzi kilipokaa mbali na kiima na nomino nyingine ikaingia katikati. Mfano wa sura ya 3:

"Viti vya sebule ya shangazi, ambayo haikuwa imefunguliwa tangu msiba, ilikuwa imejaa vumbi."

Kiima ni viti, lakini kitenzi kimemfuata aliye karibu, yaani sebule. Kinachotakiwa ni "vilikuwa vimejaa vumbi". Au je, mwandishi alitaka kusema sebule ndiyo iliyojaa vumbi? Hapa sahihisho la kisarufi linagusa maana, kwa hiyo linageuka swali. Kosa la namna hii hakuna neno la kulitafuta. Linashikwa kwa kusimama kwenye kila kitenzi kikuu cha sentensi ndefu na kurudi nyuma kuuliza, "nani?" Ni kazi ya polepole, na ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko zote.

Kuhusu saa, sura za mjukuu ziliandika kwa tarakimu: "saa 7 usiku", "saa 2 usiku". Simu yake inaonyesha saa za kimataifa, na huenda baadhi alizinakili kutoka huko na nyingine akaziandika kama babu alivyotamka. Familia inakula chakula cha jioni "saa 7 usiku". Kwa Mswahili hiyo ni saa saba, jogoo wa kwanza hayuko mbali. Hilo ni wazi kwamba ni saa moja. Lakini kwenye mkesha wa msiba, "saa 2 usiku" inaweza kuwa saa mbili, watu ndiyo kwanza wanafika, au saa nane, wamebaki wachache na mikeka. Hadithi inakubali zote mbili.

Barua

Haya ni maneno yake, nimepunguza sehemu zinazorudia nilichokwisha kueleza.

"Mwalimu, shikamoo. Natumaini u mzima na nyumbani hawajambo.

Nimemaliza kusoma mswada wako. Faili ninalokutumia lina alama nyingi, na ningependa usome barua hii kabla hujalifungua, kwa sababu wingi wa alama unadanganya. Zaidi ya nusu ya alama hizo ni makosa ya uchapaji yaliyoingia baada ya kalamu yako. Nimelinganisha sura ya 5 hadi ya 11 na kaunta buku ulilotutumia. Pale lilipoandika sawa na mchapaji akakosea, nimerudisha ulivyoandika wewe na sikukuuliza.

Nimeweka alama za namna mbili. Nyekundu zisizo na maelezo ni masahihisho ambayo sina shaka nayo: 'kwasababu' nimeandika 'kwa sababu', 'kwahiyo' nimeandika 'kwa hiyo', 'ana kuja' nimeandika 'anakuja', 'ngombe' nimeandika 'ng'ombe'. Hayo waweza kuyapitia kwa haraka. Alama zenye maelezo pembeni ni maswali. Maswali yako 41 na nimeyapa namba. Hayo siwezi kuyajibu mimi, kwa sababu jibu lake liko kwenye hadithi yako na si kwenye kamusi.

Swali la 17 ndilo ninalokuomba ulitazame kwanza. Shangazi anasema shamba ni la watu wa mbali. Daftari lako linasema mbari. Nimebadilisha, lakini nataka uthibitishe, kwa sababu neno hilo limetokea tena sura ya 10 kwenye ukurasa ambao daftari lina doa la maji na siwezi kusoma.

Katika sura ya 12 hadi ya 16, H imedondoka mara nyingi: 'ata' badala ya 'hata', 'iyo' badala ya 'hiyo', 'uyu' badala ya 'huyu'. Mahali pengine imeongezwa isipotakiwa, kama 'hadui' kwa 'adui'. Kwenye maelezo ya msimulizi nimesahihisha yote. Kwenye maneno ya yule kijana wa bodaboda sikugusa, kwa sababu sijui kama ulitaka aongee hivyo. Kama ulitaka, basi aongee hivyo tangu anapoingia sura ya 6, ambako sasa anaongea kama mtangazaji wa redio. Na kama hukutaka, tafuta 'ata' uibadilishe kuwa 'hata'.

Bibi wa Unguja anasema 'mwengine' na 'skuli' katika sura ya 2, kisha 'mwingine' na 'shule' katika sura ya 8. Nadhani sikio lako liko kwenye sura ya 2. Nikipata ruhusa yako nitaifuata hiyo.

Saa zote za sura ya 12 hadi ya 16 ninakuomba uniandikie kwa maneno, sehemu kwa sehemu. Orodha iko mwisho wa barua. Usiniambie tarakimu.

Kuna aina moja ya kosa ambayo ni yako mwenyewe, Mwalimu, na naisema kwa heshima. Sentensi yako inapozidi mistari miwili, kitenzi cha mwisho hupatana na nomino iliyo karibu badala ya kiima. Tazama viti vya shangazi ukurasa wa 31. Nimeokota nyingi, lakini ukiongeza au kubadilisha chochote kwenye sentensi ndefu, tafadhali isome tena tangu mwanzo wake."

Barua ilimalizika kwa orodha ya saa, orodha ya majina yenye tahajia mbili, na nakala ya karatasi ya maamuzi.

Nilipoisoma niliondoa aya moja iliyoeleza kwa nini baadhi ya watu huchanganya L na R kutokana na lugha zao za kwanza. Ilikuwa kweli, lakini mzee asingejua aisome kama maelezo kuhusu mchapaji wa steshenari au kuhusu yeye, na haikumsaidia kusahihisha kitu. Mstari kuhusu kijana wa bodaboda niliuona nikauacha.

Kilichofuata

Jibu lilikuja kwa simu, likianza na "marahaba mwanangu" na kuendelea kwa muda mrefu. Alikubali mbari. Alijibu saa zote kwa maneno; ile ya mkesha ilikuwa saa nane. Bibi wa Unguja akaachwa na lahaja yake. Kuhusu kijana wa bodaboda alisema hakukusudia kitu, ni mjukuu tu, kwa hiyo aongee Kiswahili cha kawaida. Akasema atarekebisha mwenyewe kwenye faili, kwa kuwa anataka pia kuongeza aya mbili tatu.

Faili liliporudi, msoma prufu alianza kusoma sura ya 12. Kila kitu kilionekana safi, hadi alipofika mahali ambapo mama mdogo anawaambia watoto, "Mjomba hatakuja Ijumaa kwenye upimaji wa mipaka." Kurasa nne mbele Ijumaa imefika, mjomba yupo, na hakuna anayeshangaa kumwona.

Aliangalia nakala aliyoituma. Ilisema "atakuja".

Mwandishi alikuwa amefuata barua neno kwa neno. Alitafuta `ata`, akaweka `hata`, akabonyeza `Replace All`. Kompyuta haikujua kwamba alitaka neno zima. Iliongeza H popote herufi hizo tatu zilipokaa pamoja, ndani ya neno lolote, katika sura zote. Matatizo yakawa "mhatatizo", pata ikawa "phata", watakuja ikawa "whatakuja", na hata iliyokuwa sahihi ikawa "hhata". Mzee aliona uharibifu huo, akakaa usiku akiusafisha mmoja mmoja kwa njia ile ile ya kutafuta na kubadilisha. Hakutuambia, na simlaumu. Kilichobaki ni kile kisichoonekana: kila "atakuja", "atalima", "atauza" iliyokuwa imegeuka "hatakuja", "hatalima", "hatauza". Ni maneno halali yote. Ni jamaa wa mbari na mbali, safari hii wakiwa zaidi ya 60, na kila mmoja anasema kinyume cha alichosema mhusika.

Kugeuza kinyume, yaani kubadilisha "hata" kuwa "ata" mwanzoni mwa vitenzi, kusingesaidia, kwa sababu mswada ulikuwa pia na "hatakuja" za kweli. Kurudi kwenye faili la zamani nako kungefuta aya mpya na majibu yote ya mzee. Iliyobaki ni njia moja. Nakala ya siku barua ilipotumwa ilikuwepo, imehifadhiwa ikiwa na tarehe kwenye jina lake. Msoma prufu aliweka nakala hiyo na faili jipya kwenye `Compare`, akapata faili la tatu linaloonyesha kila tofauti baina yake, akazipitia zote. Palipokuwa na tofauti ya H peke yake mwanzoni mwa kitenzi, alirudisha ya zamani. Palipokuwa na sentensi mpya, aliisoma kama mswada mpya, akiuliza hadithi kama mhusika anakuja au haji.

Maelekezo ambayo barua ingepaswa kuyatoa ni mafupi. Kwenye dirisha la kutafuta la Word, weka tiki kwenye `Use wildcards`, kisha andika:

```
<[Aa]ta>
```

Alama ya kwanza inamaanisha mwanzo wa neno na ya mwisho inamaanisha mwisho wake, kwa hiyo "atakuja" haiguswi. Mabano ya mraba yako pale kwa sababu utafutaji wa namna hii unatofautisha herufi kubwa na ndogo. Hata hivyo unabonyeza `Find Next` na kutazama kila moja.

Uchambuzi

Jedwali la makosa kwa sura ndilo lililobeba kazi hii. Bila hilo, msoma prufu angeona mswada wenye makosa ya kila aina na angeandika barua yenye orodha ya kanuni. Kwa kuona aina gani inakaa wapi, alijua mahali pa kuwa na shaka na sentensi isiyo na kosa. "Watu wa mbali" ingekuwa sura ya 2 isingemsimamisha, na isingestahili kumsimamisha. Jedwali pia lilitatua suala la heshima bila mtu kulazimika kulitafutia maneno. Ilikuwa kweli kwamba makosa mengi hayakuwa ya mzee, na barua ililisema hilo mwanzoni kabla hajafungua faili. Nadhani ndiyo maana alipokea vizuri aya ya upatanisho, ambayo ilikuwa yake.

Kutenganisha sahihisho na swali nako kulifaa, ingawa 41 ni nyingi. Takriban 10 kati ya hayo yangeweza kujibiwa kwa kulinganisha na daftari kwa makini zaidi. Mwandishi anayeulizwa asichohitaji kuulizwa huanza kujibu "ndiyo" kwa yote, na hapo swali la 17 linaweza kupotea.

Kilichoshindwa ni mstari mmoja uliomwambia mtu asiyefanya kazi hii "tafuta uibadilishe". Kwa msoma prufu maneno hayo yana masharti ambayo hayaandikwi, kama neno zima, moja baada ya jingine, ukitazama. Mwandishi hana masharti hayo kichwani. Lakini tatizo la ndani zaidi lilikuwa la utaratibu: faili lilitoka mikononi mwetu likiwa wazi, likarudi bila `Track Changes`, na tukalipokea kama lilivyo. Laiti mama mdogo asingesema Ijumaa, siku ambayo ina tukio, tungeweza kufika kwa mpiga chapa na H zetu 60. Sasa faili linamwendea mwandishi likiwa limefungwa kwa `Restrict Editing`, aina ya `Tracked changes`, na linaporudi huwekwa kwanza kwenye `Compare` kabla ya mtu kusoma hata ukurasa mmoja. Mabadiliko yanayogusa neno moja mahali pengi tunayafanya sisi.

Onyo kuhusu sentensi ndefu lilifanya kazi nusu. Katika aya mpya za mwandishi upatanisho ulikuwa sawa. Alipobadilisha neno ndani ya sentensi ya zamani, kwa mfano alipofanya "shamba" kuwa "mashamba", alirekebisha kivumishi kilichofuata na kusahau kitenzi cha mwisho. Barua haiwezi kuziba hilo. Ilibidi kila sentensi iliyoguswa isomwe nzima na mtu mwingine, na baada ya mpangilio wa kurasa bado tulikuta mbili, moja kati yake ikiwa imekatwa mwisho wa ukurasa wa kulia, kiima upande huu na kitenzi nyuma ya karatasi.